Bati moja, sanduku kubwa kuliko yote: jinsi drivativu inavyochagua mahali pa kukunja

Bati bapa, lile lisilo na migongo, huuzwa kwa kawaida kwa kipimo cha futi nane kwa nne. Likate katikati, utapata vipande viwili vya futi nne kwa nne, yaani kama sentimita 122 kila upande. Punguza kingo zilizobonyea wakati wa kubebwa, ubaki na mraba safi wa sentimita 120 kwa 120. Sasa fundi anataka kutengeneza sanduku lisilo na mfuniko la kuwekea nafaka. Anakata mraba mdogo kwenye kila kona, anakunja pande nne ziwe kuta, anaunganisha kona kwa risasi. Kazi imekwisha, ila kuna jambo moja lililobaki wazi: ule mraba wa kona uwe na ukubwa gani ili sanduku libebe mzigo mwingi kuliko yote?

Hili ni swali ambalo karibu kila mwanafunzi wa kalkulasi hukutana nalo, na wengi huliacha darasani likiwa limejibiwa lakini halijaeleweka. Wanajua kwamba unatafuta drivativu, unaiweka sawa na sifuri, unapata jibu. Kwa nini sifuri? Na hiyo sifuri ina maana gani kwa bati lenyewe? Hapo ndipo nataka tukae, kwa sababu jibu lake ni jepesi kuliko fomula na linaweza kuonekana kwa macho.

Tuuite upande wa mraba wa kona x, kwa sentimita. Ukishakunja, x ndiyo inakuwa kimo cha sanduku. Sakafu nayo imepunguzwa x upande wa kushoto na x upande wa kulia, kwa hiyo imebaki na 120 − 2x. Ujazo ni sakafu mara kimo:

V = x(120 − 2x)²

Kabla ya kalkulasi yoyote, jaribu namba chache. Ukikata sentimita 10, sakafu ni 100 kwa 100 na ujazo ni sentimita za ujazo 100,000, yaani lita 100. Ukikata 15, unapata lita 121.5. Ukikata 25, lita 122.5. Ukikata 30, lita 108. Ukikata 40, sanduku linatoka mchemraba kamili wa 40 kwa 40 kwa 40, na linabeba lita 64 tu. Hili la mwisho huwashangaza watu, maana wengi tumezoea kuamini kwamba mchemraba ndiyo umbo bora. Ni kweli kwa sanduku lenye mfuniko linalotengenezwa kwa eneo maalumu la bati. Kwa sanduku letu la wazi lenye kona zilizokatwa, si kweli hata kidogo.

Namba hizo zinaonyesha kwamba ujazo unapanda, unafika kileleni mahali fulani kati ya 15 na 30, kisha unashuka. Kilele kiko wapi hasa? Unaweza kuendelea kubahatisha, lakini tazama kwanza kinachotokea kwenye bati unapoongeza x kidogo sana.

Tuseme umekata sentimita 10, kisha ukabadili mawazo ukaongeza nywele moja tu ya upana. Mambo mawili yanatokea kwa pamoja. La kwanza, kuta zinarefuka kwa nywele moja, kwa hiyo juu ya sanduku unaongezeka utando mwembamba wa ujazo wenye ukubwa wa sakafu nzima. Hiyo ni faida. La pili, kuta zote nne zinasogea ndani kwa nywele moja, kwa hiyo kwenye kila ukuta unapotea utando mwembamba wenye ukubwa wa ukuta huo. Hiyo ni hasara. Tando zote zina unene uleule, basi kinachoamua nani anashinda ni eneo tu: eneo la sakafu upande wa faida, jumla ya eneo la kuta nne upande wa hasara.

Kwenye x = 10, sakafu ina sentimita za mraba 10,000. Kila ukuta una 10 kwa 100, kwa hiyo kuta nne zina 4,000. Faida inaizidi hasara kwa 6,000, maana yake ujazo unapanda kwa kasi ya sentimita za ujazo 6,000 kwa kila sentimita ya x. Hiyo kasi ndiyo drivativu. Wala si kitu kingine. Ukitaka kuhakiki, hesabu sanduku la x = 11: sakafu ni 98 kwa 98, ujazo 105,644. Limeongezeka 5,644, karibu na 6,000 lakini pungufu kidogo, kwa sababu kasi yenyewe inapungua njiani kadiri kuta zinavyokua na sakafu inavyosinyaa.

Kwenye x = 30 mambo yamegeuka. Sakafu ni 60 kwa 60, yaani 3,600. Kuta nne ni 4 × 30 × 60, yaani 7,200. Kila unachoongeza kwenye kimo unakilipa mara mbili kwenye upana. Ujazo unashuka.

Basi kilele kiko pale ambapo faida na hasara zinalingana, yaani pale ambapo eneo la sakafu ni sawa na jumla ya eneo la kuta. Kabla ya hapo inalipa kuongeza x. Baada ya hapo inalipa kupunguza. Hii ndiyo maana ya "drivativu sawa na sifuri" katika sanduku hili, na nadhani ingefaa isemwe darasani kabla ya fomula yoyote kuandikwa ubaoni.

Fomula nayo inasema jambo hilohilo. Ukitafuta drivativu ya V kwa kanuni ya zao, unapata:

V′ = (120 − 2x)² − 4x(120 − 2x)

Isome polepole. Sehemu ya kwanza, (120 − 2x)², ni eneo la sakafu. Sehemu ya pili, 4x(120 − 2x), ni kuta nne, kila moja yenye kimo x na urefu 120 − 2x. Sakafu kutoa kuta. Wanafunzi wengi hukimbilia kufungua mabano mapema, wakaishia na 12x² − 960x + 14400, ambayo ni sahihi kabisa lakini imeificha picha yote. Mimi ningeacha mabano yalivyo na kutoa kigawo cha shirika:

V′ = (120 − 2x)(120 − 6x)

Inakuwa sifuri x ikiwa 60 au x ikiwa 20. Hiyo 60 ni kukata bati lote: kona nne za sentimita 60 zinakutana katikati na sakafu inatoweka. Ujazo ni sifuri, kwa hiyo hapo ni bondeni. Inabaki 20. Sakafu ni 80 kwa 80, eneo 6,400. Kuta nne ni 4 × 20 × 80, nazo 6,400. Zimelingana. Ujazo ni 20 × 6,400, yaani lita 128 kamili.

Kuna utaratibu wa kuhakiki kwamba 20 ni kilele na si bonde, kwa kutafuta drivativu ya pili, 24x − 960. Kwenye 20 inatoa −480, hasi, maana yake kasi inapungua na tuko kileleni. Ni sawa, ingawa hapa si lazima: x inaweza kuwa popote kati ya 0 na 60, kwenye ncha zote mbili ujazo ni sifuri, katikati ni chanya, na kuna mahali pamoja tu ambapo kasi inasimama. Hapo hapawezi kuwa kitu kingine ila kilele.

Kosa linalojirudia zaidi katika hesabu hii ni kuandika 120 − x badala ya 120 − 2x, kwa kusahau kwamba kona hukatwa ncha zote mbili za upande. Hesabu inakwenda vizuri, haigomi popote: x(120 − x)² ina drivativu (120 − x)(120 − 3x), na jibu linatoka 40, namba nzuri ya duara isiyotia shaka. Lakini tumeshaona kwamba kwa x = 40 sanduku halisi linabeba lita 64, nusu kamili ya lile lililo bora. Anayejua kipimo cha sakafu na kuta atalikamata kosa hilo kabla hajashika mkasi: sakafu ya 40 kwa 40 ni 1,600, kuta nne ni 6,400. Haziko karibu hata kidogo.

Kipimo hicho hakidai bati liwe mraba. Chukua bati zima kabla ya kulikata katikati, tuseme 240 kwa 120. Ujazo unakuwa x(240 − 2x)(120 − 2x), na drivativu yake, ukiacha mabano yasimame, bado ni sakafu kutoa kuta. Ukiifungua na kuilinganisha na sifuri, unapata x² − 120x + 2400 = 0, na majibu mawili: takriban 25.36 na 94.64. La pili halikubaliki, kwa sababu bati lina upana wa 120 na huwezi kukata 94.64 kutoka kila upande. Hesabu haijui kwamba bati lina mwisho. Inakuletea majibu yote ya mlinganyo, wewe ndiye wa kukataa lisilowezekana. Kwa x = 25.36 sakafu ina takriban 13,113 na kuta 13,114, tofauti ikitokana na kukadiria desimali tu. Sanduku linabeba karibu lita 332.6. Kwa bahati, hiyo inazidi sana lita 256 ambazo ungepata kwa masanduku mawili ya nusu bati, kwa hiyo kama mzigo ni mmoja, usilikate.

Sasa, nani atapima sentimita 25.36 kwa futikamba na chaki? Hakuna, wala hana haja. Akikata 25 kamili, sanduku linabeba lita 332.5. Amepoteza kama sentimita za ujazo 54, chini ya vijiko vinne vya chakula, katika sanduku la zaidi ya lita 330. Kwenye lile la mraba hali ni hiyohiyo: badala ya 20 ukikata 19 unapata lita 127.76, ukikata 21 unapata lita 127.76 vilevile. Umekosea sentimita nzima na umepoteza robo lita. Lakini ukikosea sentimita kumi, ukakata 10, umepoteza lita 28, zaidi ya debe.

Sababu ni ile sifuri yenyewe. Kileleni kasi ya badiliko ni sifuri, kwa hiyo ukisogea kidogo hakuna kinachokuvuta chini kwa nguvu. Hasara inakua kwa mraba wa kosa. Kwa sanduku letu la lita 128, kosa la sentimita moja linagharimu kama sentimita za ujazo 240, kosa la sentimita mbili karibu mara nne ya hapo. Mtaalamu wa nyota Johannes Kepler aliligundua jambo hili alipokuwa akichunguza mapipa ya mvinyo huko Linz, Austria, na akalichapisha mwaka 1615, miaka mingi kabla kalkulasi kama tunavyoifahamu haijaundwa. Aliona kwamba mapipa ya huko yalikuwa karibu na umbo lenye ujazo mkubwa kuliko yote, na kwamba karibu na kilele, fundi akitoka kidogo kwenye kipimo, ujazo haubadiliki kiasi cha kuonekana.

Ulegevu huo karibu na kilele ndio unaompa fundi nafasi ya kufanya mambo mengine anayoyahitaji. Mfano ni pindo. Bati lililokatwa lina ukingo mkali unaochana mkono, na ukuta usio na pindo hulegea. Kwa hiyo fundi hukunja sentimita moja ya juu ya kila ukuta. Kimo si x tena bali x − 1, na ujazo ni (x − 1)(120 − 2x)². Ukiirudia hesabu, x bora inahama kutoka 20 hadi 20.67, na sanduku linabeba takriban lita 121.7. Sakafu na kuta bado zinalingana, ila kuta unazozihesabu ni zile zilizobaki baada ya pindo. Fundi asiyetaka desimali akabaki na 20 atapata lita 121.6. Pindo lenyewe limemla lita sita. Kutohamisha x kumemla kikombe kidogo.

Hadi hapa bati limekunjwa kutoka kipande kimoja, na kona nne zimetupwa. Katika sanduku la lita 128, kona hizo ni sentimita za mraba 1,600 kati ya 14,400, yaani moja ya tisa ya bati. Mtu atauliza: je, nisipozitupa? Hapo swali limebadilika, ingawa vitabu vya mazoezi huyaweka maswali haya mawili jirani kana kwamba ni moja. Moja linasema bati ni hili, kunja. Lingine linasema eneo ni hili, kata utakavyo na uunganishe vipande.

Katika hili la pili, sakafu iwe mraba wa upande b na kimo kiwe h. Eneo lote ni b² + 4bh = 14400. Kuna vitu viwili visivyojulikana, na huwezi kutafuta kasi ya badiliko mpaka ubaki na kimoja. Kwa hiyo toa h kwenye sharti la eneo uiweke kwenye ujazo. Unapata V = 3600b − b³/4, na drivativu yake ni 3600 − 3b²/4. Ukiilinganisha na sifuri, b² ni 4,800, b ni takriban 69.28, na h inatoka 34.64: kimo ni nusu kamili ya upana. Sanduku linabeba lita 166.3. Kumbuka kwamba hapa sakafu na kuta hazilingani tena, kuta zina eneo mara mbili ya sakafu. Sheria ya sakafu sawa na kuta ni ya bati linalokunjwa; ukiihamishia huku itakudanganya.

Lita 166 kwa 128 ni tofauti kubwa, lakini kabla hujashika mkasi, jaribu kuchora vipande hivyo juu ya bati la 120 kwa 120. Weka sakafu ya 69.28 kwenye kona moja. Inabaki kanda yenye upana wa 50.72 inayozunguka pande mbili. Kila ukuta unataka 69.28 kwa 34.64. Kwenye kanda ya juu unaingia mmoja, kwenye ya pembeni mmoja, basi. Kuta mbili zilizobaki utaziunga kwa vipande vya kila namna. Kalkulasi iliambiwa eneo tu. Haikuambiwa kwamba vipande lazima vienee kwenye bati.

Hapa ndipo ulegevu wa kilele unapookoa. Badala ya 69.28, chagua b = 60. Bati linagawanyika katika miraba minne ya 60 kwa 60. Mmoja ni sakafu. Ukitaka kutumia eneo lote, kimo kinakuwa 45 na ujazo ni lita 162, pungufu ya lita nne na ushei tu. Kila mraba kati ya mitatu iliyobaki unatoa ukuta mzima wa 60 kwa 45 na kuacha ukanda wa 60 kwa 15. Kanda tatu zikiungwa zinatoa ukuta wa nne. Hakuna hata kipande kinachotupwa.

Asiyependa ukuta wenye viungo viwili katikati ashushe kimo hadi 40. Nusu ya bati yenye upana wa 60 na urefu wa 120 inatoa kuta tatu nzima, wa nne unatoka kwenye mraba ulio juu ya sakafu, na kinachobaki ni ukanda mmoja wa 60 kwa 20. Ujazo ni lita 144.

Basi fundi ana masanduku matatu kutoka bati lilelile, na kinachoyatenganisha ni urefu wa viungo vya kuchomelea risasi. Lile la kukunja lenye lita 128 lina viungo vya sentimita 80 tu, vile vya kona nne. Lile la 144, ukiacha ukuta mmoja ukiwa umeshikamana na sakafu, lina sentimita 340. Lile la 162, ukiacha kuta mbili zikiwa zimeshikamana, lina sentimita 420, na 120 kati ya hizo ziko katikati ya ukuta, pale ambapo nafaka inasukuma. Kama risasi na muda ni rahisi kuliko bati, la tatu linalipa. Kama sanduku litawekwa maji, ambapo kila sentimita ya kiungo ni mahali panapoweza kuvuja, ningechukua la kwanza, na kona nisizikate kabisa: ningezikunja zilale kwenye ukuta kama sinia la kuokea, lita 128 bila kiungo hata kimoja.